KUTANGAZA BEI MPYA KWA WATEJA WA KILA SIKU

Katika vyama vingi vya msingi vya mwambao wa Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga, kazi ya kuandika tangazo la bei haianzii ofisini. Huanzia dukani au kwenye mashine ya kusaga. Mwendesha mashine huambiwa na Bodi kwamba bei itaongezwa, naye huchukua kipande cha boksi, akaandika maneno machache kwa makaa au kwa kalamu nene, akakitundika mlangoni. Baadaye Katibu hupita, huona kwamba maneno yale hayafai kuwa maneno ya Chama, akayachukua ili ayanyooshe. Hapo ndipo mambo huharibika mara nyingi, kwa maana tangazo lililokuwa na kasoro mbili ndogo hurudi mlangoni likiwa na kasoro kubwa zaidi, ingawa sarufi yake ni safi.

Ili jambo hili lionekane vizuri, tuchukue mfano wa Chama chenye mashine moja ya kusaga inayotumia dizeli, katika kijiji kilicho kati ya Nangurukuru na bahari. Bei ya kusaga debe moja imekuwa shilingi 1,000 kwa miaka miwili, na Bodi imeamua iwe 1,200. Wateja ni walewale kila juma: kina mama wanaoleta mahindi na makopa, wenye mgahawa, na mwalimu mkuu anayeleta gunia la shule. Mwendesha mashine ameandika hivi:

"Jamani wateja wetu kuanzia kesho debe ni 1200. Dizeli imepanda mno. Msitulaumu sisi, hali ni mbaya kila mahali. Asanteni."

Katibu amelisoma, amelikunja, na baada ya saa moja amelitoa upya kwa mashine ya chapa:

"Uongozi wa Chama unasikitika kuwatangazia wateja wake wote kwamba, kutokana na kupanda kwa gharama za uendeshaji kulikosababishwa na hali ya uchumi iliyo nje ya uwezo wa Chama, imelazimika kufanyika marekebisho madogo ya bei ili kuboresha huduma. Uongozi unaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Hata hivyo ieleweke kwamba bei ya Chama bado ni nafuu kuliko bei za mashine nyingine."

Msomaji makini ataona kwamba tangazo la pili halikutaja bei. Mwendesha mashine, pamoja na maneno yake ya mtaani, aliitaja katika mstari wa kwanza. Mteja aliyesimama na debe kichwani anataka kujua mambo mawili, ni kiasi gani na tangu lini, naye kwa tangazo la Katibu itambidi aulize yote mawili.

Lakini kosa kubwa la matangazo yote mawili ni moja, nalo ni kujitetea. La kwanza linajitetea kwa wazi: "msitulaumu sisi". La pili linajitetea kwa kujificha nyuma ya maneno marefu. Mtu anayejitetea kabla hajashitakiwa humfanya msikilizaji aanze kutafuta shitaka, na katika jambo la bei shitaka haliko mbali.

Kujitetea huku katika Kiswahili kunakaa hasa ndani ya kitenzi. Kusema "bei imepanda" ni kuizungumzia bei kana kwamba ni maji ya bahari yanayojaa na kupwa yenyewe. Maneno hayo ni ya kweli kwa dizeli, kwa sababu Chama hakipangi bei ya dizeli. Si ya kweli kwa bei ya kusaga, kwa kuwa hiyo watu wamekaa mezani wakaipandisha, na muhtasari wa kikao upo. "Imelazimika kufanyika marekebisho" ni mbaya zaidi, maana haina mtendaji kabisa. Hakuna ajuaye nani amelazimika wala nani amefanya. Na neno "marekebisho" humaanisha kutengeneza kilichoharibika, ambapo mteja anajua kwamba bei ya 1,000 haikuwa imeharibika, ila ilikuwa ndogo. Katibu akiandika "Chama kitatoza shilingi 1,200", sentensi inakuwa na mwenyewe, na anayeisoma hana mtu wa kumtafuta pembeni.

Desturi ya kuandika bei bila mwenyewe ina historia yake. Baada ya sheria ya kudhibiti bei ya mwaka 1973, Tume ya Bei ndiyo iliyopanga bei za bidhaa nyingi nchini, na maduka ya ushirika yaliyoenezwa vijijini kwa Operesheni Maduka ya mwaka 1976 yaliuza kwa bei zilizotoka juu. Katibu wa wakati ule aliyeandika "bei mpya ni kama ifuatavyo" alisema kweli, kwani yeye na wanachama wake hawakuwa na sauti katika jambo hilo. Udhibiti ule uliondolewa hatua kwa hatua tangu katikati ya miaka ya 1980, lakini lugha yake imebaki katika majalada ya ofisi, na makatibu wa leo huinakili kutoka katika barua za zamani bila kujua kwamba mazingira yake yamekwisha.

Hesabu kwanza, maneno baadaye

Kabla Katibu hajagusa kalamu, hana budi kuijua hesabu iliyozaa bei mpya. Wengi huipuuza hatua hii kwa kudhani kwamba kunyoosha tangazo ni kazi ya lugha tu. Tuifanye hesabu ya mashine yetu ya mfano. Tuseme lita moja ya dizeli inasaga debe nne. Bei ya 1,000 ilipopangwa, Chama kilinunua dizeli kwa shilingi 2,800 kwa lita; sasa kinanunua kwa 3,200. Nyongeza ni 400, na ukiigawa kwa debe nne unapata shilingi 100 kwa debe.

Basi dizeli imeeleza nusu tu ya nyongeza. Mwendesha mashine aliposema "dizeli imepanda mno" alisema kweli isiyotosha, na wateja wa mwambao si watu wa kudanganyika katika jambo hili. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, kwa desturi siku ya Jumatano ya kwanza, mji kwa mji. Mwenye lori anajua bei ya dizeli na mwenye boti anajua ya petroli. Watu hao hukaa barazani na waume wa wale kina mama wanaoleta nafaka, na kabla jua halijatua mtu mmoja atakuwa ameshafanya mgawanyo ule wa 400 kwa nne, akauliza shilingi 100 nyingine imekwenda wapi.

Imekwenda mahali pawili. Nyundo za mashine na chekeche lake huchakaa. Tuseme seti hubadilishwa kila baada ya debe 3,000; zamani ilikuwa shilingi 120,000, yaani 40 kwa debe, na sasa ni 240,000, yaani 80 kwa debe. Hapo nyongeza ni 40. Zilizobaki 60 ni ujira. Bodi imemwongezea mwendesha mashine shilingi 30,000 kwa mwezi, na mashine husaga wastani wa debe 500 kwa mwezi. Hivyo 100 ya dizeli, 40 ya nyundo na chekeche, na 60 ya ujira, jumla 200.

Ujira ndio sababu ambayo vyama huificha kuliko zote. Hudhaniwa kwamba mteja akisikia kuwa mtu ameongezwa mshahara atakasirika, na hivyo mzigo wote hutupwa juu ya dizeli. Matokeo yake huonekana mwezi ambao EWURA itatangaza kushuka kwa bei. Chama kilichosema dizeli peke yake kitaulizwa kwa nini hakishushi 200 yote, na jibu lolote kitakalotoa wakati huo litakuwa utetezi. Kilichotaja ujira tangu mwanzo hakina cha kutetea. Isitoshe, mwendesha mashine ni kijana wa palepale, na kuongezwa kwake si siri. Mama zake wadogo wenyewe ndio walio kwenye foleni.

Kuhusu nyundo, Katibu na atahadhari kidogo. Nyundo zilizokwisha hujulikana: unga hutoka mkavu na wa moto, una chenga ukiusugua kwa vidole, na injini huguna hata kwa debe dogo. Chama kikitaja nyundo katika tangazo, wateja watausugua unga wa juma linalofuata. Kama seti mpya haijafungwa, ni afadhali tangazo lisubiri, au liseme siku ambayo itafungwa. Ndiyo maana maneno "ili kuboresha huduma" yafutwe kila yanapoonekana, isipokuwa kama huduma iliyoboreshwa inaweza kutajwa kwa jina.

Kisa cha sado

Hesabu inapokuwa wazi, huonyesha pia matatizo ambayo maneno hayawezi kuyaponya. Debe lina sado tano. Kwa bei ya zamani sado moja ilisagwa kwa shilingi 200, nayo ilikuwa sawa kabisa na debe. Kwa bei mpya sado moja ingekuwa 240, lakini sarafu za kumrudishia mtu shilingi 10 hazionekani tena mikononi mwa watu. Bodi yetu ya mfano haikulifikiria jambo hili. Ilipanga bei ya debe ikanyamaza.

Ikiwa tangazo nalo litanyamaza, mwendesha mashine atajiamulia mwenyewe mlangoni. Akitoza 250, basi mwenye sado, ambaye mara nyingi ni yule asiye na uwezo wa kununua nafaka ya debe zima, atakuwa analipa kwa kiwango cha 1,250 kwa debe. Akiendelea kutoza 200, wenye debe watagundua mapema kwamba wakilileta sado moja moja watalipa 1,000 kama zamani, na foleni itakuwa ndefu mara tano. Katibu hapaswi kulifunika jambo hili kwa lugha. Anapaswa kurudi kwa Mwenyekiti na kusema kwamba tangazo haliandikiki mpaka bei ya sado ipangwe. Tuseme Bodi imekubali 250, huku nafaka ya mtu mmoja ikifika sado tano kwa siku moja ihesabiwe debe. Tofauti ya shilingi 10 kwa sado ipo, na iandikwe palepale kwa jina lake, kwa sababu mwenye sado ataigundua tu.

Kulinyoosha tangazo

Sasa Katibu anaweza kuandika. Ni vizuri aanze na maandishi ya mwendesha mashine, si na barua ya zamani ya ofisini, kwa kuwa yale ya mlangoni yana mpangilio ulio sahihi: salamu, bei, sababu, shukrani. Kilichokosekana ni tarehe ya haki, sababu kamili, na kuondolewa kwa lile neno la lawama. Kuyatupa yote na kuyavika koti la "Uongozi unasikitika" ni kupoteza sauti ambayo wateja wameizoea. Wakimwona mtu waliyemzoea akiwaandikia ghafla kama hakimu, hudhani kuna jambo limefichwa.

Tangazo lililonyooshwa laweza kuwa hivi:

"Ndugu wateja wa mashine,

Kuanzia Jumatatu tarehe 15 Septemba, Chama kitatoza shilingi 1,200 kusaga debe moja badala ya 1,000. Sado moja itakuwa shilingi 250 badala ya 200; imezidi kwa shilingi 10 kwa sababu ya chenji. Mtu mwenye sado tano kwa siku moja atalipa bei ya debe.

Bei ya 1,000 ilipangwa wakati Chama kikinunua dizeli kwa shilingi 2,800 kwa lita. Sasa ni 3,200. Bei ya nyundo na chekeche imeongezeka maradufu, na Chama kimemwongezea ujira mwendesha mashine.

Nafaka itakayoletwa kabla ya tarehe 15 itasagwa kwa bei ya zamani, hata kama zamu yake itafika baadaye. Hesabu yote ipo kwa Katibu, na mteja yeyote anaweza kuisoma. Bodi itaiangalia bei hii tena mwezi Desemba.

Asanteni."

Sababu zimekaa katika sentensi tatu. Kishawishi cha kuongeza ya nne na ya tano ni kikubwa, hasa kwa Katibu anayeogopa maswali, lakini kila sababu inayoongezwa hupunguza nguvu ya zile za kwanza. Barabara, kodi, vita vya nchi za mbali, na mashine za jirani zote zimeachwa. Jirani ameachwa kwa makusudi: kusema kwamba wengine ni ghali zaidi ni kumwalika mteja aende akahakikishe, na akimkuta mmoja anayesaga kwa 1,100, tangazo zima limekuwa uongo.

Radhi nayo haimo. Kuomba radhi ni kwa kosa, kama vile mashine kufungwa siku tatu bila taarifa au unga wa mtu kuchanganywa na wa mwingine. Kupandisha bei kwa hesabu ya haki si kosa, na anayeomba radhi kwa jambo ambalo ataendelea kulifanya kila siku humfanya msomaji ashuku ama radhi ama bei. Shukrani imebaki, nayo inatosha.

Muda wa taarifa haukupangwa kwa kubahatisha. Mwendesha mashine aliandika "kuanzia kesho", na neno hilo moja lingeleta ugomvi kuliko ile 200 yenyewe. Wateja wa mashine wengi huja mara moja kwa juma, wengine baada ya majuma mawili. Tangazo likitundikwa majuma mawili kabla, karibu kila mmoja atapita mbele yake angalau mara moja akiwa bado analipa bei ya zamani, na hakuna atakayeipata habari huku mkono ukiwa tayari mfukoni. Kama Chama kina kundi la wateja katika simu, tangazo lipelekwe siku ileile na kwa maneno yaleyale. Likifupishwa huko, watu watalinganisha na kuuliza ni lipi la kweli.

Ahadi ya mwezi Desemba isiandikwe kama Bodi haikuiamua. Katika mfano huu imeamuliwa. Pasipo uamuzi, mstari huo uachwe.

Bei ya muda

Si kila nyongeza ni ya kudumu, na katika mwambao huu tofauti hiyo imejifunzwa kwa shida. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili, na bidhaa zitokazo kaskazini zikakosa njia. Katika hali kama hiyo duka la Chama linaloleta bidhaa kwa njia ndefu zaidi, au kwa jahazi, lina sababu ya kuongeza nauli juu ya bei. Tangazo lake lazima liseme nyongeza ni ya nini na itaondoka lini: "Mfuko wa sukari umeongezwa shilingi kadhaa za jahazi, mpaka magari yatakapopita Somanga." Tukio linalotajwa kuwa mwisho liwe lile ambalo kila mtu ataliona kwa macho. Barabara ikifunguliwa, bei ishuke mara mzigo wa kwanza wa gari ufikapo, hata kama hakuna aliyedai.

Lipo jambo moja ambalo hakuna unyooshaji utakaolisaidia. Mara nyingine duka huwa na magunia yaliyoingia kabla ya barabara kukatika, yaliyonunuliwa kwa bei ya zamani, na Mtunza Duka huyapandisha pamoja na mengine. Wateja wa kila siku waliyaona magunia yale yakishushwa. Wengine ndio walioyabeba. Katibu akiletewa tangazo la kunyooshwa lenye sababu ya barabara, na daftari la stoo linaonyesha kwamba mzigo uliingia juma moja kabla, arudishe karatasi kwa Mtunza Duka bila kugusa hata nukta. Mzigo wa zamani uuzwe kwa bei ya zamani mpaka uishe, na tangazo liandikwe kwa ajili ya mzigo mpya.

Siku za kwanza za bei mpya

Karatasi ikishatundikwa, tangazo huhamia mdomoni mwa mwendesha mashine. Yeye ndiye atakayeulizwa "Kaka, mbona mmepandisha?" mara ishirini kwa siku, na kama hakuoneshwa hesabu atarudi kwenye lile jibu lake la kwanza, kwamba wasimlaumu. Katibu akae naye robo saa, waipitie ile 100, 40 na 60, hasa ile 60, ambayo atakuwa anaona haya kuitaja kwa kuwa ni yake. Mama mtu mzima akimuuliza, yafaa aitikie: "Shikamoo mama. Ndiyo, Chama kimepandisha. Nusu ni dizeli, nyingine ni nyundo mpya na ujira wangu. Hesabu ipo kwa Katibu." Kisha amsagie.

Nakala ya tangazo iwekwe katika jalada pamoja na karatasi ya hesabu na muhtasari wa kikao, ili Bodi itakapokutana Desemba ianzie kwenye tarakimu zilezile. Na lile boksi la zamani lenye 1,000 liondolewe mlangoni jioni ya tarehe 14, baada ya debe la mwisho.